Kutoka Kawaida hadi Rejea: Historia ya Jedwali la Mwelekeo wa Majibu ya Maabara na Kufika Kwake Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna majibu ya maabara ya tarehe mbalimbali yalivyoanza kuunganishwa katika jedwali moja lenye mipaka rejea na alama za tahadhari. Inaanzia kwenye chati za homa za karne ya 19, inapitia mabadiliko ya istilahi ya mwaka 1969, na kufika Mosoriot na Eldoret, nchini Kenya, mwanzoni mwa karne hii. Mfano mmoja wa kreatinini unachambuliwa hatua kwa hatua. Hoja inayotetewa ni kwamba mpaka rejea ni sehemu ya jibu la siku ile, na ukitenganishwa nalo jedwali hupotosha historia ya mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Faili la mgonjwa aliyehudhuria kliniki kwa miaka kadhaa huwa na vipande vingi vya karatasi za maabara, vingine vimebandikwa kwa gundi, vingine vimekunjwa katikati ya kadi. Kila kipande hujibu swali la siku moja tu: leo damu ina nini? Swali ambalo daktari hulihitaji zaidi katika maradhi ya muda mrefu ni jingine: damu inaelekea wapi? Ili kulijibu, mtu hulazimika kuvitandaza vipande hivyo mezani, kuvipanga kwa tarehe, na kusoma tarakimu zilizoandikwa kwa mikono tofauti na pengine kwa vizio tofauti. Jedwali la mwelekeo ni kazi hiyo ya mezani iliyofanywa mara moja kwa niaba ya wasomaji wote watakaofuata.

Kwa kuwa kazi yenyewe inaonekana ya kiofisi tu, historia yake haijavutia wanaisimu. Hata hivyo, vichwa vya safu za jedwali hilo ni maneno, na neno moja kati ya hayo, yaani lile linalotaja mipaka, limebadilishwa kwa makusudi na wanasayansi wenyewe. Kiswahili kimelipokea neno la zamani na bado hakijaamua kuhusu jipya.

2.0 Kabla ya jedwali

Mwaka 1868 Carl Wunderlich, tabibu wa Leipzig, alichapisha kitabu chake kuhusu jotomwili katika maradhi. Wodini mwake kila mgonjwa alipimwa mara kwa mara, na vipimo vikaingizwa kwenye chati ambamo siku zilikwenda kwa ulalo na nyuzi za joto kwa wima. Wunderlich pia alitaja mpaka: kiasi cha nyuzi 37 kuwa wastani na 38 kuwa ukomo wa juu wa mtu asiye na homa. Humo tayari vimo vitu vitatu vinavyolifanya jedwali la mwelekeo kuwa jedwali, yaani tarehe, thamani na mpaka. Kilichokuwa muhimu kwake hakikuwa nyuzi 39 za Jumanne bali umbo la mstari mzima, kwa kuwa homa za matumbo na homa za vipindi zilitofautiana kwa umbo.

Majibu ya maabara hayakufuata njia hiyo upesi, na sababu ni rahisi: yalikuwa machache mno. Kreatinini, kwa mfano, ilipimwa kwa kutegemea mmenyuko wa asidi ya pikriki ulioelezwa na Max Jaffe mwaka 1886, na kila sampuli ilishughulikiwa kwa mkono. Mgonjwa aliyekuwa na majibu mawili kwa mwaka hakuhitaji jedwali. Hali ilibadilika baada ya Leonard Skeggs wa Cleveland kuchapisha mwaka 1957 maelezo ya mashine iliyopima sampuli mfululizo ndani ya mirija, mashine iliyouzwa baadaye kwa jina la AutoAnalyzer. Katika muongo uliofuata majibu yaliongezeka kiasi cha kuzidi uwezo wa msomaji wa faili. Lawrence Weed, katika makala zake za mwaka 1968 kuhusu kumbukumbu za wagonjwa, alisisitiza karatasi ya mtiririko: ukurasa mmoja ambamo tarehe huwa safu na vipimo huwa mistari. Mwaka 1972 Clement McDonald na wenzake katika Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, walianza kuifanya kompyuta ichapishe karatasi ya aina hiyo, wakianzia na wagonjwa wa kisukari.

3.0 Kawaida na rejea

Hadi miaka ya 1960 mipaka iliyochapishwa kando ya majibu iliitwa, kwa lugha nyingi za Ulaya, thamani za kawaida. Mara nyingi ilitokana na watu waliopatikana kwa urahisi: wanafunzi wa utabibu, wafanyakazi wa hospitali, wachangiaji damu. Mwaka 1969 Ralph Gräsbeck na Nils-Erik Saris wa Finland walipinga jina hilo. Kwao, neno lile lilichanganya mambo yasiyofanana: kilicho cha wengi, kilicho cha afya njema, na kinachotakiwa. Walipendekeza badala yake jina thamani rejea, ambalo halidai zaidi ya hili: hizi ni thamani zilizopatikana kwa kundi fulani la watu lililoelezwa bayana, na jibu la mgonjwa linalinganishwa nazo. Shirikisho la Kimataifa la Kemia ya Kitabibu lililichukua pendekezo hilo na kulitolea miongozo rasmi katika miaka ya 1980.

Kanuni iliyokubalika ni ya hesabu. Watu wasiopungua 120 wenye sifa zilizotajwa hupimwa, na mipaka huwekwa ili kubakiza katikati asilimia 95 ya majibu yao. Asilimia 2.5 za chini na 2.5 za juu huachwa nje, ingawa wenye majibu hayo ni wazima kama wenzao. Kwa hiyo mtu mzima anayefanyiwa vipimo 12 visivyotegemeana ana uwezekano wa karibu asilimia 46 wa kupata angalau alama moja ya tahadhari. Alama hiyo haisemi kwamba anaumwa. Inasema tu kwamba jibu lake liko nje ya mahali pa wengi wa kundi lile.

Hapa ndipo Kiswahili kinapojikwaa. Neno kawaida lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo hubeba maana ya kanuni au msingi. Katika Kiswahili limekwenda mbali zaidi na kugusa desturi, mazoea na hata tabia ya mtu. Mgonjwa anayeambiwa kwamba damu yake “si ya kawaida” husikia jambo zito kuliko lile ambalo hesabu inalisema. Na anayeambiwa kwamba majibu ni “ya kawaida” husikia kwamba yu salama. Kauli ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kama mfano wa sehemu ya 5.0 utakavyoonyesha. Makala hii inatumia mipaka rejea, na kwa alama za tahadhari inatumia J kwa jibu lililo juu ya mpaka na C kwa lililo chini. Herufi H na L zinazotoka kwenye mashine zimezoeleka kwa wataalamu wa maabara, lakini hazimwambii chochote msomaji asiyejua Kiingereza, na mgonjwa ni mmoja wa wasomaji wa karatasi hiyo.

4.0 Kutoka Indianapolis hadi Mosoriot

Uhusiano wa jedwali la Indianapolis na eneo hili ni wa moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Indiana kilikuwa tayari kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2001 mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa ulianza kutumika katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret. Ulipohitajika kuhudumia wagonjwa wa VVU waliokuwa wakiongezeka haraka, ulipanuliwa, na kuanzia mwaka 2004 kazi hiyo ikazaa OpenMRS, programu huria ambayo mwaka 2006 ilikuwa inatumika Eldoret na Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Katika kliniki ya VVU ya Mbarara, Uganda, muhtasari wa kila mgonjwa ulichapishwa kwenye karatasi kutoka kwenye mfumo huo na kuwekwa ndani ya faili kabla ya mgonjwa kumwona mtabibu. Karatasi, si skrini, ndiyo iliyosomwa. Jambo hili husahauliwa na wanaosimulia historia ya kompyuta kana kwamba karatasi ilitoweka siku mashine ilipowashwa.

Ndani ya OpenMRS kila kipimo ni dhana katika kamusi, na kila jibu ni tukio lenye tarehe. Kwa miaka mingi mipaka ilihifadhiwa pamoja na dhana. Anayetaka jedwali la mwelekeo wa kipimo kimoja cha mgonjwa mmoja huuliza hivi:

```sql
SELECT o.obs_datetime, o.value_numeric,
       n.low_normal, n.hi_normal, n.units
FROM obs o
JOIN concept_numeric n ON n.concept_id = o.concept_id
WHERE o.person_id = ? AND o.concept_id = ? AND o.voided = 0
ORDER BY o.obs_datetime;
```

Thamani na tarehe zinatoka kwenye `obs`, ilhali `low_normal` na `hi_normal` zinatoka kwenye `concept_numeric`, yaani kwenye kamusi. Kila jibu, liwe la mwaka 2006 au la jana, linapimwa kwa mpaka mmoja unaosomeka kwenye kamusi siku ya kuchapisha. Ni rahisi kufahamu kwa nini wabunifu walichagua njia hiyo: kituo kimoja, maabara moja, mpaka mmoja. Jina la safu, hata hivyo, limebakiza neno ambalo Gräsbeck na Saris walilikataa, na pamoja na neno likabaki wazo kwamba mpaka ni sifa ya kipimo chenyewe.

5.0 Mfano: kreatinini katika maabara mbili

Tuchukue mgonjwa wa kutungwa, mwanamke wa miaka 46 anayetumia tenofovir, dawa ya VVU inayoweza kudhuru mirija ya figo. Kreatinini yake imepimwa mara sita katika maabara mbili. Maabara ya kwanza huandika kwa miligramu kwa desilita na mipaka yake ni 0.6 hadi 1.1. Ya pili huandika kwa mikromoli kwa lita na mipaka yake ni 45 hadi 90. Mchanganyiko huu wa vizio ni urithi wa kihistoria: Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 1977 ulipendekeza vizio vya kimataifa kwa utabibu, lakini Marekani ilibaki na miligramu, na mashine na vitabu vya pande zote mbili vikaja kukutana katika hospitali za eneo hili.

Hatua ya kwanza ni tarehe. Inayotakiwa ni ya kuchukuliwa sampuli, si ya kuchapishwa jibu. Sampuli iliyochelewa njiani ikipangwa kwa tarehe ya jibu huweza kuruka mbele ya ile iliyotolewa baada yake. Pia 9/10 inaweza kusomwa Oktoba au Septemba, na saa iliyoandikwa kwa mkono kuwa 2 asubuhi, kwa hesabu ya Kiswahili, ni 08:00 kwa mashine. Kosa hili la saa halina athari kwa kreatinini ya kila nusu mwaka, lakini kwa sukari inayopimwa mara kadhaa kwa siku linabadilisha maana yote.

Hatua ya pili ni vizio. Kila thamani ya maabara ya kwanza inazidishwa kwa 88.4, na mipaka yake vilevile: 0.6 huwa 53 na 1.1 huwa 97. Anayegeuza thamani akasahau mipaka ataona 62 kando ya 1.1 na alama ya J kila mstari. Kosa hilo angalau linapiga kelele. La kimyakimya hutokea kwenye karatasi zinazofuata mapokeo ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi za Burundi na Kongo, ambamo desimali huandikwa kwa mkato. Programu isiyotarajia mkato huweza kuisoma 0,7 kuwa neno na kuiacha wazi, au kuutupa mkato na kusoma 7. Thamani asilia kwa hiyo inastahili kubaki kwenye jedwali, kando ya iliyogeuzwa.

| Tarehe ya sampuli | Maabara | Kama ilivyoandikwa | Mikromoli kwa lita | Mipaka ya siku ile | Alama |
|---|---|---|---|---|---|
| 12 Machi 2012 | 1 | 0.7 | 62 | 53–97 | |
| 10 Septemba 2012 | 1 | 0.7 | 62 | 53–97 | |
| 11 Machi 2013 | 2 | 70 | 70 | 45–90 | |
| 9 Septemba 2013 | 2 | 79 | 79 | 45–90 | |
| 10 Machi 2014 | 1 | 1.0 | 88 | 53–97 | |
| 8 Septemba 2014 | 2 | 94 | 94 | 45–90 | J |

Alama ya kwanza inatokea Septemba 2014. Aliyesoma vipande kimoja kimoja aliambiwa mara tano kwamba majibu ni ya kawaida. Jedwali linasema vingine, lakini linahitaji kusomwa kwa tahadhari.

Mwaka 1974 Eugene Harris alionyesha kwamba mipaka ya kundi hufaa kidogo pale ambapo mtu mmoja hubadilika kidogo kuliko watu wanavyotofautiana wao kwa wao. Kreatinini ni mfano wa vipimo hivyo: kila mtu ana nafasi yake nyembamba ndani ya mipaka mipana ya wote. Ikiwa mabadiliko ya asili ya mtu yanakadiriwa kuwa asilimia 5 na ya mashine asilimia 3, tofauti kati ya majibu mawili inahitaji kuzidi takribani asilimia 16 ndipo ionekane kuwa zaidi ya bahati. Hesabu yake ni 2.77 mara kipeuo cha pili cha 25 jumlisha 9, yaani 2.77 mara 5.83.

Sasa tulinganishe. Kutoka 62 hadi 79 ni ongezeko la asilimia 27, na mtu angeweza kuinua mkono Septemba 2013. Lakini majibu hayo mawili ni ya maabara tofauti. Moja huenda inatumia mmenyuko wa Jaffe na nyingine kimeng’enya, na mbinu hizo hazitoi tarakimu zilezile kwa damu ileile. Ndani ya maabara ya pili peke yake, 70 hadi 79 ni asilimia 13, haijavuka. Ndani ya maabara ya kwanza, 62 hadi 88 ni asilimia 42. Hata hapo kuna la kuangalia, kwani 0.7 imekadiriwa kwa desimali moja na yaweza kuwa 0.75, na 1.0 yaweza kuwa 0.95. Kwa makadirio hayo mabaya kuliko yote ongezeko ni kutoka 66 hadi 84, asilimia 27, na bado limevuka.

Kwa hiyo tarehe ambayo jedwali linatoa ushahidi wa kutosha ni 10 Machi 2014, miezi sita kabla ya alama, siku ambayo karatasi ya maabara haikuwa na alama yoyote. Safu ya maabara, ambayo wachapishaji wengi wa majedwali huiondoa ili kuokoa nafasi, ndiyo iliyowezesha kulithibitisha hilo. Kinachofuata ni cha mtabibu: kurudia kipimo mapema, kupima mkojo, kuangalia dawa. Jedwali halitambui ugonjwa.

6.0 Mipaka inapobadilika

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa mipaka rejea ya watu wazima wenye afya kutoka Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia, uliohusisha watu zaidi ya 2,000. Ulithibitisha jambo ambalo maabara za eneo hili zilikuwa zikiliona: baadhi ya vipimo vya damu vya watu wazima wa hapa haviangukii ndani ya mipaka ya Ulaya na Marekani. Mfano ulio wazi ni chembe nyeupe aina ya neutrofili. Vitabu vingi vya Ulaya huweka mpaka wa chini karibu na 2.0 (mara bilioni moja kwa lita), ilhali katika watu wenye afya wa eneo hili unakaribia 1.0. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na urithi unaohusiana na antijeni ya Duffy, ambayo watu wengi wa Afrika hawana kwenye chembe zao nyekundu. Si dalili ya ugonjwa.

Kurekebisha mpaka kulikuwa haki. Namna ya kuurekebisha ndiyo yenye shida. Kituo kinachobadilisha `low_normal` kwenye kamusi kutoka 2.0 kwenda 1.0 hubadilisha, kwa sekunde moja, alama za majibu yote ya nyuma. Tuseme mtabibu aliona mwaka 2008 neutrofili 1.4 zikiwa na alama ya C, akamwondolea mgonjwa zidovudine, dawa inayojulikana kupunguza chembe hizo. Jedwali likichapishwa baada ya marekebisho, mstari wa mwaka 2008 hauna alama. Anayesoma leo anaona dawa iliyosimamishwa bila sababu, na huenda akadhani ni uzembe. Uamuzi ule huenda ulikuwa na kosa, lakini kosa lilikuwa la mpaka ulioazimwa, na ushahidi wa kuazimwa kwake umefutwa.

Wanahistoria wa hati wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine: nakala iliyosahihishwa bila kuonyesha kilichosahihishwa. Dawa yake ni ileile. Mpaka uliotumika siku ile huandikwa kwenye mstari wa jibu lenyewe, kama jedwali la sehemu ya 5.0 linavyofanya, na mpaka mpya huwekwa katika safu ya pili. Neutrofili 1.4 za mwaka 2008 zingebeba hivyo alama ya C chini ya mpaka wa zamani na nafasi tupu chini ya mpya. Ujumbe wa kielektroniki wa maabara unaofuata kanuni za HL7 una nafasi ya hili tangu zamani: sehemu ya `OBX-7` hubeba mipaka na `OBX-8` hubeba alama, zote zikisafiri pamoja na jibu. Mara nyingi hupotea baada ya kufika, pale mfumo unaopokea unapohifadhi tarakimu peke yake.

Yanabaki majibu ya miaka ya mwanzo, yaliyonakiliwa kutoka kwenye kadi na makarani ambao hawakuombwa kunakili mipaka. Kwa hayo safu ya mipaka huwekewa kistari, na safu ya alama huachwa bila kujazwa kwa mpaka wa leo.